Mfumuko wa bei: angalia na kiasi kinachouzwa

Swali la mtihani wa uchumi likisema bei zimepanda, usikimbilie kuandika kuwa chanzo ni "mahitaji" au "gharama". Bei hupanda kwa vyote viwili. Kinachovitofautisha ni kiasi kinachouzwa.

Chukua nauli ya basi. Mafuta yakipanda, mwenye basi anaongeza nauli, baadhi ya abiria wanaamua kutembea na viti vinabaki wazi. Bei juu, kiasi chini: mkunjo wa ugavi umesogea kushoto. Lakini mishahara ikiongezeka na wengi wakataka kusafiri, nauli inapanda huku mabasi yamejaa hadi mlangoni. Hapo ni mahitaji.

Ila nauli peke yake kupanda mara moja si mfumuko (kosa hili linakula alama kweli). Mfumuko ni bei kwa ujumla kuendelea kupanda. Mafuta yana uzito kwa kuwa gharama yake huingia karibu katika kila bidhaa inayosafirishwa.

Jipime:
Ukame umepunguza mavuno. Mkunjo upi umesogea, na kiasi kimekwenda wapi?
Fedha zimeongezwa kwenye mzunguko wakati viwanda tayari vinazalisha kwa uwezo wote. Kwa nini bei ndizo zitakazopanda zaidi kuliko uzalishaji?