Kadi yako, mzigo wa dada: angalia kale ka-tiki

Uko Houston, unamnunulia dada yako aliyeko Columbus viatu vya dola 64. Unajaza jina lake na anwani yake, unaweka namba za kadi yako, malipo yanakataliwa. Kadi ina hela. Kosa liko kwenye kisanduku kilichotiwa tiki tangu mwanzo: `Same as shipping address`. Ndicho kilichopeleka benki anwani ya dada kana kwamba ni ya mwenye kadi.

Marekani, benki hulinganisha hasa tarakimu: namba ya nyumba na msimbo wa posta. Yako ni 77036, imeletewa 43229. Duka likiona hazioani, linahofia kadi ya wizi, maana hasara ya udanganyifu mara nyingi hulirudia lenyewe.

Ondoa tiki. Kwenye `Billing address` andika jina na anwani kama zilivyo kwenye taarifa yako ya benki. Za dada zibaki `Shipping address`. Usijaribu tena na tena kabla ya kurekebisha: kila jaribio laweza kushikilia dola 64 nyingine kwa siku kadhaa, ingawa hujauziwa kitu.