Mwanza ni jiji la pili au la nne? Jinsi ya kupima miji ya nchi kwa kanuni ya nafasi na ukubwa

Kijana aliyekuwa kwenye mafunzo kwa vitendo hapa Mwanza aliniletea jedwali la miji ya Tanzania. Dar es Salaam ilikuwa juu, ikafuata Dodoma, kisha Arusha, na Mwanza ikakaa ya nne. "Shikamoo mzee, nimenakili kama ilivyo kwenye sensa," aliniambia. Na kweli, hakukosea tarakimu hata moja. Alichokosea ni mpaka, na kwenye kanuni hii mpaka ndio unaoharibu hesabu kuliko kitu kingine chochote.

Kanuni yenyewe ni nyepesi. Panga miji ya nchi kuanzia mkubwa hadi mdogo. Mji wa pili unatarajiwa kuwa na nusu ya watu wa mji wa kwanza, wa tatu theluthi, wa nne robo, na kuendelea hivyo. Mjerumani Felix Auerbach aliligundua jambo hili mwaka 1913, na baadaye Mmarekani George Zipf akalieneza hadi likabeba jina lake. Marekani inaifuata vizuri: katika sensa ya 2020 Nyuyoki ilikuwa na watu milioni 8.8, Losi Anjelesi milioni 3.9, Chikago milioni 2.7 na Hyustoni milioni 2.3. Gawanya 8.8 kwa 2, kwa 3, kisha kwa 4, uone majibu yanavyokaribiana na hali halisi.

Hatua ya 1: Amua mji unaishia wapi

Usifungue kompyuta kabla ya hili. Halmashauri ya Jiji la Mwanza ni Nyamagana peke yake. Ilemela ilitengwa ikawa manispaa mwaka 2012. Lakini anayepanda daladala Buhongwa akashuka Kirumba kununua dagaa hajatoka mji mmoja kwenda mwingine: nyumba hazikatiki, barabara ni ileile, na milima ya mawe imejaa makazi pande zote mbili.

Sensa ya 2022 iliihesabu Nyamagana watu 594,834 na Ilemela 509,687. Yule kijana alichukua Nyamagana tu, ndiyo maana Mwanza ikaporomoka hadi ya nne. Ukiziunganisha unapata 1,104,521, na inarudi nafasi ya pili. Wapo pia wanaokosea kwa upande wa pili, wakachukua Mkoa wa Mwanza mzima wenye watu 3,699,872. Humo umewaingiza wakulima wa Kwimba na wavuvi wa Ukerewe, na Mwanza inaonekana kuifikia Dar es Salaam kwa zaidi ya theluthi mbili. Eneo moja, majibu matatu.

Kipimo changu ni kimoja: je, majengo yameungana na watu wanakwenda kazini na kurudi kila siku? Kama ndiyo, huo ni mji mmoja, hata ukiwa na wakurugenzi wawili.

Hatua ya 2: Jaza jedwali

Safu ya A weka nafasi, B jina la jiji, C idadi ya watu. Mstari wa kwanza ni wa vichwa, kwa hiyo Dar es Salaam inakaa mstari wa 2. Kwenye D2 andika fomula ya kwanza hapa chini, ambayo inatoa idadi inayotarajiwa. Kwenye E2 andika ya pili, inayolinganisha idadi halisi na hiyo, kisha uziburute zote mbili kwenda chini.

```
=C$2/A2
=C2/D2
```

Usiisahau ile alama ya dola. Bila hiyo, kila jiji litagawanywa lenyewe badala ya Dar es Salaam, na hutapata ujumbe wowote wa kosa. Utaligundua kwa kutazama safu ya E: ikisomeka 1, 2, 3, 4 kwa mpangilio, dola haipo.

Hatua ya 3: Soma matokeo ya Tanzania

Nimechukua Bara peke yake. Zanzibar inahitaji kazi yake kuhusu mipaka, na ikiingia itasogeza nafasi za chini. Kwa sensa hiyo ya 2022 Dar es Salaam ina watu 5,383,728, hivyo Mwanza ilitarajiwa kuwa na kama milioni 2.69. Inayo milioni 1.1, yaani asilimia 41 ya matarajio. Dodoma, yenye 765,179, inafikia asilimia 43, Arusha yenye 617,631 asilimia 46, na Mbeya yenye 541,603 asilimia 50. (Dodoma ichukue kwa tahadhari: mipaka ya jiji lake inameza vijiji na mashamba, Hombolo ikiwemo.)

Wengi huishia hapo na kuandika kwamba Tanzania ina jiji kinara, jina ambalo mwanajiografia Mark Jefferson alilipa wazo lake mwaka 1939 kwa maana ya jiji moja linalowaacha wenzake mbali. Ni kweli, lakini ni nusu ya habari. Iondoe Dar es Salaam, uifanye Mwanza ya kwanza. Sasa Dodoma ilipaswa kuwa na 552,000, na inayo 765,000. Arusha ilipaswa kuwa na 368,000, na inayo 618,000. Mbeya inakaribia mara mbili ya matarajio yake. Kumbe chini ya Dar es Salaam miji yetu imelingana kupita kanuni. Nchi moja inaivunja mara mbili, kwa njia mbili zinazopingana: kichwa kimevimba, na mabega yamekaa sawasawa.

Sababu zinaonekana ukitazama ramani ya zamani. Wajerumani walihamishia makao yao Dar es Salaam mwaka 1891, na reli ya kati ikaanzia huko bandarini. Tawi la kuja Mwanza kutoka Tabora lilifika mwaka 1928. Huku chini, kila kanda ilikuza jiji lake: ziwa lina Mwanza, kaskazini Arusha, nyanda za juu kusini Mbeya. Umbali kati yao ni mkubwa mno kwa mmoja kuwameza wengine.

Hatua ya 4: Linganisha na wanaoivunja zaidi

Vuka ziwa. Sensa ya Uganda ya 2014 iliipa Kampala watu 1,507,080, na mji wa pili ukawa Nansana wenye 365,124. Unaona mara nne tu? Ni mtego uleule wa Ilemela. Nansana imeshikana na Kampala, sawa na Kira na Makindye-Ssabagabo. Ziunganishe na Kampala inakaribia milioni 2.5, huku Mbarara, ambayo kweli ni mji mwingine, ikiwa na 195,013. Pengo linazidi mara kumi na mbili.

Afrika Kusini inaivunja kinyume. Mwaka 2011 Johanesibagi ilikuwa na milioni 4.4, Keptauni milioni 3.7 badala ya 2.2, na eThekwini, yaani Durban, milioni 3.4 badala ya 1.5. Nchi ile iliunganishwa mwaka 1910 kutokana na makoloni manne yaliyokuwa na miji yake tayari, na dhahabu ikachimbwa mbali na bandari zote mbili.

Hatua ya 5: Rudia kwa sensa iliyotangulia

Mwaka 2012 Dar es Salaam ilikuwa na watu 4,364,541, na Mwanza, Nyamagana na Ilemela pamoja, 706,453. Pengo lilikuwa mara 6.2. Mwaka 2022 limeshuka hadi mara 4.9. Kabla hujaandika kwamba Mwanza inaifikia Dar es Salaam, tazama Mkoa wa Pwani: umetoka watu 1,098,668 hadi 2,024,947 katika miaka hiyohiyo. Sehemu ya watu hao wanalala Kibaha na Mkuranga na kufanya kazi Dar es Salaam. Wapime kwa kipimo cha Hatua ya 1, uwaingize wanaostahili, ndipo ugawanye tena.