Muundi wa ng'ombe: jinsi ya kuupika ulainike, na jinsi ya kujua umeiva

Nilijifunza kupika Kisumu. Huko muundi wa ng'ombe niliuinjika saa tatu asubuhi, na saa sita mchana wateja walikuwa wanakula. Nilipohamia Nakuru nilipakua saa sita vilevile, na mteja wangu wa kwanza akatafuna, akatafuna, kisha akakirudisha kipande sahanini. Iliniuma sana. Tofauti ilikuwa mwinuko. Kisumu iko karibu mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Nakuru iko karibu mita 1,850, na maji huchemka kwenye nyuzi kama 94. Yakishachemka, hayapati joto zaidi hata ujaze makaa jiko zima. Ndiyo maana hapa huwa naongeza nusu saa.

Anza buchari. Nunua kilo moja na nusu ya muundi, ile nyama ya mguu yenye mfupa wa uboho katikati, na uombe ikatwe kwa msumeno, vipande vya unene wa vidole vitatu. Panga huvunja mfupa, na vichane vyake utavikuta kwenye mchuzi. Nyumbani, kata ule utando mweupe unaozunguka kila kipande, mahali pawili tu, ili kisijikunje kama kikombe kikipata moto.

Kausha nyama kwa kitambaa safi, kisha uikaange kwa mafuta kidogo vipande vichache vichache hadi iwe kahawia pande zote mbili. Ukiijaza yote mara moja itatoa maji na kujichemsha, na ile ladha ya kukaanga utaikosa. Itoe, kaanga vitunguu viwili, kitunguu saumu na tangawizi, rudisha nyama, tia chumvi, halafu mimina maji ya moto hadi yakaribie kuifunika. Yakichemka, engua povu.

Sasa punguza moto. Hapa ndipo wengi huharibu, kwa kudhani kuchemsha kwa nguvu kunaharakisha. Ugumu wa muundi umo kwenye kano na tando, na hizo hugeuka kuwa utelezi polepole, kwa joto la kudumu. Mchemko mkali hauziharakishi. Unachofanya ni kukausha maji ya sufuria na kuichanachana nyama kwa nje kabla kano hazijaachia. Mimi hufunga mlango wa jiko, hupaka makaa jivu, na hufunika sufuria. Nikifunua nataka kuona mapovu machache yakipanda hapa na pale. Maji yakipungua, ongeza ya moto, kwa sababu ya baridi yatazima mchemko na utapoteza muda.

Tuseme sufuria imeanza kutokota saa tatu na nusu. Saa nne na nusu chukua uma, uchome. Utakuta nyama imekaza kuliko ilipokuwa mbichi. Usiogope, wala usitie magadi. Nyuzi zimejibana kwa joto na kano bado hazijalainika. Saa sita kasorobo uma utaingia, lakini ukiuvuta utainuka na kipande. Bado. Wakati huu ndio natia nyanya mbili zilizosagwa; zikitiwa mapema, mchuzi huwa mzito na kushika chini.

Kuanzia saa sita na nusu angalia kila dakika 15. Chagua kipande kinene kuliko vyote na uchome kwenye kano, si kwenye mnofu, kwa maana mnofu hudanganya. Kano ambayo haijaiva ni nyeupe na inarudi kama mpira ukiibonyeza. Iliyoiva inang'aa, unaona mwanga ndani yake, na ncha ya kijiko inaikata. Uma ukiuzungusha unageuka bila kushikwa, na ukiuvuta unatoka peke yake. Shika mfupa kwa koleo uutingishe: nyama inauachia. Kisha weka tone la mchuzi kati ya vidole viwili, lipoe kidogo, uvifungue. Vikinatana, kano zimeyeyuka. Kwangu hii huja saa saba hivi. Epua, uache ndani ya mchuzi dakika 20 kabla ya kupakua na ugali.

Nyama ikimeguka kuwa nyuzi kavu kabla hujaigusa, umepitiliza. Hapo ichambue tu, uirudishe kwenye mchuzi.

Kwa sufuria ya presha, hesabu dakika 50 tangu ianze kupiga mluzi, na uiache ipoe yenyewe ndipo ufungue. Mguu wa mbuzi hupimwa kwa njia ileile, lakini saa yake usiiamini: mbuzi mchanga huiva kwa saa moja na nusu, na beberu mzee anaweza kukuweka jikoni saa tatu. Muulize mwenye buchari umri wa mbuzi kabla hujawasha jiko.