Ukieleza chalenji ya dansi kwa maneno, taja mguu unaobeba uzito

Anayesoma maelezo ya hatua za dansi bila kuona video hukwama zaidi kwenye uzito wa mwili kuliko kwenye mikono, kwa sababu neno "gusa" na neno "kanyaga" humpeleka mahali tofauti kabisa. Chukua mfano wa chalenji hii ya hesabu nane, inayorudiwa mara nne.

Moja, kanyaga kulia kwa mguu wa kulia na uhamishie uzito wote huko. Mbili, lete mguu wa kushoto kando yake, uguse sakafu kwa ncha ya vidole tu, bila kuuegemea. Tatu, kanyaga kushoto kwa mguu huohuo, na nne, mguu wa kulia uufuate na kugusa vivyo hivyo. Tano na sita, pandisha mikono polepole kutoka kiunoni hadi juu ya kichwa. Saba, piga kofi moja huko juu. Nane, shusha mikono, uzito ukiwa bado kushoto, ili mguu wa kulia uwe huru kuanza upya.

Kosa hutokea kwenye mbili: mtu akiegemea mguu wa kushoto, ikifika tatu hulazimika kurukaruka au kuongeza hatua, naye huachwa nyuma na muziki. Kwa hiyo mwandikie msomaji asimame hapo kwenye mbili na kuinua mguu wa kushoto. Mguu huo ukiinuka bila kiwiliwili kuyumba, amepatia.