Somo: Kuchukua vipimo vya gauni la kubana, na kipimo cha mbele kinachosahaulika

Wengi wetu tukishika tepu tunakimbilia kifua, kiuno na hipsi. Hizo namba tatu za mzunguko ni muhimu, lakini magauni mengi niliyoyaona yakirudi kwa fundi yalikosewa kwenye urefu. Kwa hiyo somo hili nitalielemeza huko.

Mteja avae nguo nyepesi, na sidiria ileile atakayoivalia gauni hilo. Avue viatu, asimame kama kawaida yake, mikono ikining'inia. Asijinyooshe kama anapigwa picha.

Hatua ya 1. Funga lastiki nyembamba kiunoni. Mwambie ainame kidogo upande mmoja; pale ubavu unapojikunja ndipo kiuno kilipo. Akisimama wima, acha lastiki itulie yenyewe. Usiitoe mpaka umalize, maana urefu wote utaanzia au kuishia hapo. Ukikisia kiuno upya kila mara, utapima viuno vitatu kwa mtu mmoja.

Hatua ya 2. Chukua mizunguko. Kifua pima pale matiti yalipojaa zaidi, hipsi pale makalio yalipojaa zaidi. Zunguka nyuma ukaangalie tepu: mgongoni hupenda kuteleza chini, na ikilala mshazari namba inakudanganya. Soma mteja akiwa ametoa pumzi kwa utulivu, tepu iguse mwili bila kuminya. Andika pia umbali kutoka kwenye lastiki hadi mahali ulipopimia hipsi, kwa sababu si kila mwanamke hipsi zake zimeanzia palepale.

Hatua ya 3. Urefu wa mbele na wa nyuma. Anza pale bega linapokutana na shingo. Mbele, teremsha tepu ipite juu ya kilele cha titi mpaka kwenye lastiki. Njiani soma pia umbali wa kufika kwenye kilele. Kisha rudi palepale begani, ushuke mgongoni mpaka kwenye lastiki.

Tuchukue mfano. Mteja ana kifua sm 106 na kiuno sm 84. Fundi alipima nyuma tu, akapata sm 42, akakata mbele sm 43 kwa mazoea. Gauni lilipovaliwa, mshono wa kiuno ulipanda mbele, pindo nalo likawa fupi mbele kuliko nyuma. Mikunjo ikatoka ubavuni kuelekea kwenye titi. Fundi akadhani kifua kinabana, akafumua mishono ya pembeni na kulegeza. Mikunjo ikabaki. Alipopima mbele akapata sm 47. Zilipungua sm 4 za urefu, na hizo huzipati kwa kulegeza pembeni. Kipande cha mbele kikakatwa upya, urefu uliozidi ukaingizwa kwenye mkunjo wa kushonea unaotoka ubavuni kuelekea titi.

Hatua ya 4. Mabega, mfupa hadi mfupa kwa nyuma. Mkono upimwe ukiwa umekunjwa kidogo, tepu ipite kwenye kiwiko. Ukipima ulionyooka, mkono wa nguo utapanda kila mteja akishika kitu. Pima mabega yote mawili, mara nyingi moja limeshuka.

Hatua ya 5. Andika vipimo vya mwili kama vilivyo. Nafasi ya kupumulia iongezwe mara moja tu, wakati wa kukata. Kwa kitambaa kisichovutika mimi huongeza kama sm 6 kifuani, sm 3 kiunoni na sm 5 kwenye hipsi. Mpimaji akiongeza na mkataji akaongeza, gauni la kubana linageuka dera.

MASWALI

Mwalimu, mteja wangu ana tumbo, lastiki inateleza chini ya tumbo. Nifanyeje?
Nyuma iache ilale usawa wa kiuno, mbele iinue usawa uleule, umwombe aishike. Halafu pima na mzunguko wa tumbo pale lilipojaa, uandike kando. Sketi ikikatwa kwa hipsi peke yake itakwama tumboni.

Naweza kujipima mwenyewe?
Mizunguko sawa, ukiwa mbele ya kioo. Mgongo na mabega hapana, dada. Ukiinua mkono tu bega limeshahama.

Sketi yangu ya kubana inanikaa vizuri nikisimama, nikikaa inataka kupasuka. Vipimo vilikuwa sahihi kabisa.
Ulipimwa umesimama tu. Kaa kwenye kiti kigumu upimwe hipsi tena, uone zimeongezeka kiasi gani. Kama ongezeko linazidi ile nafasi tuliyoacha, ongeza nafasi au chagua kitambaa kinachovutika. Mpasuo wa nyuma utakusaidia kutembea, hautakusaidia kukaa.

Mteja kanitumia namba tupu: 40, 32, 44. Nikate?
Usikate. Hizo bila shaka ni inchi, lakini urefu wa nyuma akikuandikia 16 na wa mbele 45 ujue kageuza tepu katikati ya kazi. Mwambie aandike inchi au sentimita mbele ya kila namba, na ile ya mbele aipime mara mbili.