Jinsi ya kuandaa taarifa ya mtiririko wa fedha ya kuambatanisha na ombi la mkopo

Kampuni inapoomba mkopo wa biashara, benki kwa kawaida huitaka iwasilishe hesabu za mwaka, na miongoni mwake huwamo taarifa ya mtiririko wa fedha. Taarifa hii huonyesha fedha zilizoingia na kutoka katika mafungu matatu, yaani uendeshaji, uwekezaji na ugharamiaji, kama kiwango cha kimataifa cha uhasibu IAS 7 kinavyoelekeza. Mwongozo huu unafuata njia isiyo ya moja kwa moja, ambayo huanza na faida na kuirekebisha hadi ifikie fedha halisi, kwa kutumia kampuni ya mfano ya kusaga mahindi mjini Morogoro. Tarakimu zote ni shilingi milioni, na mwaka wa hesabu unaishia tarehe 31 Desemba 2024.

Kabla ya kuanza

Weka mezani mizania mbili, ya mwaka huu na ya mwaka uliopita, pamoja na hesabu ya faida na hasara, daftari la mali za kudumu na taarifa ya akaunti ya mkopo kutoka benki. Hizo mbili za mwisho ndizo ambazo watu huzisahau, ilhali mizania peke yake haiwezi kukuambia mashine gani iliuzwa wala mkopo uliongezwa na kurejeshwa kiasi gani.

Mizania ya kampuni yetu inaonyesha kwamba kati ya mwisho wa 2023 na mwisho wa 2024 fedha zilishuka kutoka 9 hadi 5, wadaiwa walipanda kutoka 14 hadi 26, mahindi na unga ghalani kutoka 20 hadi 31, na thamani ya mashine vitabuni kutoka 60 hadi 81. Kwa upande wa pili, wadai walipanda kutoka 12 hadi 17, mkopo kutoka 25 hadi 40, mtaji wa hisa kutoka 40 hadi 45, na faida limbikizi kutoka 26 hadi 41. Faida kabla ya kodi ilikuwa 30.

Hakikisha kwanza salio la fedha lenyewe. Humo huingia fedha za mkononi, akaunti za benki zinazotolewa wakati wowote na salio la biashara katika simu. Amana ya muda maalumu inayozidi miezi mitatu tangu ilipowekwa kwa kawaida haihesabiwi humo, bali huhesabiwa kuwa uwekezaji.

Hatua ya kwanza: uendeshaji

Anza na faida kabla ya kodi, 30. Rudisha uchakavu wa mashine, 12, kwa sababu ulipunguza faida bila shilingi yoyote kutoka mfukoni. Rudisha pia riba, 5, ili uionyeshe peke yake hapo chini. Kisha toa faida ya 2 iliyopatikana kwa kuuza mashine kuukuu: mashine hiyo ilikuwa na thamani ya 3 vitabuni na iliuzwa kwa 5, na kwa kuwa fedha zote 5 zitaonekana kwenye uwekezaji, ukiiacha ile 2 hapa utakuwa umeihesabu mara mbili. Matokeo ni 45.

Sasa yaja mabadiliko ya wadaiwa, bidhaa na wadai, na hapa ndipo ishara za kuongeza na kutoa huwachanganya wengi. Wadaiwa wameongezeka kwa 12, maana yake unga wa thamani hiyo umekwisha kuuzwa na kuingia katika faida, lakini wateja hawajalipa, toa 12. Bidhaa ghalani zimeongezeka kwa 11, nazo zimemeza fedha, toa 11. Wadai wameongezeka kwa 5, yaani wauzaji wa mahindi wametusubiri, ongeza 5. Kabla ya kuongeza, hakikisha kwamba ndani ya wadai hao hamna deni la mashine, kwa kuwa deni la namna hiyo halihusiani na uendeshaji. Inabaki 27, na baada ya kulipa riba 5 na kodi ya mapato 9, uendeshaji umeleta 13.

Riba inayolipwa inaweza kuwekwa hapa au kwenye ugharamiaji, mradi kampuni ishike njia moja kila mwaka. Uhuru huo utakoma kwa kampuni nyingi zinazofuata viwango kamili vya kimataifa vya uhasibu, pale kiwango cha IFRS 18 kitakapoanza kutumika kwa vipindi vinavyoanza tarehe 1 Januari 2027 au baadaye, ambapo riba itahamia ugharamiaji.

Hatua ya pili: uwekezaji

Mashine zilipanda kwa 21 vitabuni, lakini 21 siyo bei ya ununuzi. Chukua 60 za mwanzo, toa uchakavu 12, toa 3 za mashine iliyouzwa, unabaki na 45. Ili kufikia 81, lazima ziwe zimenunuliwa mashine za 36. Linganisha jibu hilo na ankara na malipo ya benki. Kama sehemu ya mashine ingekuwa haijalipiwa, ungeandika kiasi kilicholipwa tu, na deni lililobaki ungelieleza kwenye maelezo ya hesabu. Zilitoka 36, zikaingia 5, hivyo fungu hili ni pungufu ya 31.

Hatua ya tatu: ugharamiaji

Usiandike ongezeko la mkopo la 15 kama tarakimu moja. Taarifa ya akaunti ya mkopo inaonyesha kwamba kampuni ilipokea 24 na kurejesha 9 za mkopo wenyewe mbali na riba, na kila kiasi kina mstari wake. Wenye hisa waliongeza mtaji wa 5 taslimu na wakalipwa gawio la 6. Jumla ni 14.

Hatua ya nne: kupatanisha

| Maelezo | Shilingi milioni |
|---|---|
| Fedha kutokana na uendeshaji | 13 |
| Fedha zilizotumika katika uwekezaji | (31) |
| Fedha kutokana na ugharamiaji | 14 |
| Upungufu wa fedha katika mwaka | (4) |
| Salio la 1 Januari 2024 | 9 |
| Salio la 31 Desemba 2024 | 5 |

Salio la mwisho lazima liwe lile lile lililo kwenye mizania. Lisipolingana, gawanya tofauti kwa mbili kisha utafute tarakimu hiyo, maana mara nyingi ni kiasi kilichoongezwa badala ya kutolewa. Lakini kulingana hakuthibitishi kwamba kila kitu kimekaa mahali pake. Marejesho ya mkopo ya 9 yakiwekwa kimakosa kwenye uendeshaji, salio litabaki 5, huku uendeshaji ukionekana umeleta 4 tu.

Kosa hilo ni zito kwa mwombaji, kwa sababu afisa mikopo hutazama kama biashara yenyewe inaweza kuzaa marejesho. Kwa kampuni yetu, uendeshaji umeleta 13 baada ya riba na kodi, na marejesho yalikuwa 9, hivyo inabaki 4, ambayo haitoshi hata kulipa gawio la 6. Ambatanisha orodha ya wadaiwa inayoonyesha nani anadaiwa tangu lini, kwani swali la kwanza litakuwa kwa nini kampuni iliyopata faida ya 21 baada ya kodi imemaliza mwaka ikiwa na fedha pungufu, na sehemu kubwa ya jibu ni zile 23 zilizokwama kwa wateja na ghalani.