Kununua PS3 ya mtumba Nairobi kama unakusanya sidii na mfuko ni mdogo

Juzi nimemsaidia binamu yangu kuchagua, na maswali yake ni yale yale naulizwaga kila saa, so wacha niyaandike hapa. Hii ni ya mtu anataka sidii orijino zikae kwa rafu. Kama unataka kujaziwa gemu kwa hadidiski tu, hii haikuhusu.

Hatua ya 1: mashine

Chukua PS3 Slim. PS2 ina gemu nyingi sana, sikatai, lakini hapa kwetu nyingi zilichipiwa na sidii utakazopata ni za kukopi, orijino utazisaka mpaka uchoke, na bado mashine ya Ulaya haikubali sidii ya Amerika. Xbox 360 nayo ikisogezwa kidogo sidii ikizunguka inajichora duara, na hiyo sidii imeenda. Gemu za PS3 karibu zote hazina mambo ya region, ile yenye namba ya BLUS mtu ametoka nayo Amerika inacheza sawa tu na BLES ya Ulaya, kwa hivyo unaokota popote. Muuzaji akikuambia Slim inasoma sidii za PS2, huyo anakubeba ufala. Zilizosoma ni baadhi ya zile nono za mwanzo, na hizo ndizo zinajulikana kwa ugonjwa wa taa ya njano, wachana nazo.

Hatua ya 2: pesa

Tuseme uko na 15,000. Mashine na pedi moja zisipite 11,000, weka 1,500 kando ya kubadilisha leza ya kusoma sidii ikikufa, inayobaki ndiyo ya sidii.

Hatua ya 3: kutesti draivu (hapa ndipo watu huliwa)

Ukienda Luthuli utawashiwa mashine, FIFA inacheza vizuri, unapewa pedi upige mechi moja, unatuma M-Pesa unaenda. Ukifika nyumbani unaweka sidii, haisomi. Ile FIFA ilikuwa inatoka kwa hadidiski, mashine imefunguliwa programu yake icheze gemu za kukopi, na draivu ilikufa kitambo. Ukiona `multiMAN` au `Enable HEN` kwa menyu jua ni hiyo aina. Si mbaya yenyewe, ila kuona alama ya sidii kwa skrini hakumaanishi kuna sidii ndani, kwa sababu faili ya gemu inaweza kuwekwa ionekane kama sidii.

Dawa ni kubeba sidii zako mbili, gemu moja ya PS3 na filamu moja ya DVD, na usikubali ya muuzaji. Anza na gemu, na iwe jina ambalo hajajaza kwa mashine. Ikionekana chini ya `Game` ifungue, iache iinstoli data yake, hapo ndipo leza inafanya kazi sana, sikiliza. Mlio wa kawaida ni wa kuzunguka tu. Ukisikia tik-tik-tik halafu inanyamaza halafu inaanza tena, leza inachoka. Kisha itoe uiweke tena mara kadhaa, kuna draivu husoma ikiwa baridi ikipata joto inakataa, ndiyo maana usione haya kutesti nusu saa nzima.

Sasa kama gemu imekataa, weka DVD. DVD ikisoma na gemu ikatae, imekufa ile leza ya Blu-ray inayosoma gemu peke yake, kwa sababu DVD na sidii za kawaida zina leza yao. Hiyo inatengenezeka, unaomba bei ishuke. Zote zikikataa sikushauri, inaweza kuwa leza au bodi yenyewe, na bodi ya draivu ya PS3 imefungwa na maza bodi yake, ukitoa ya mashine nyingine ukaweka hapo haitasoma gemu hata ikiwa nzima kabisa. Fundi akikwambia “nitakuwekea draivu nzima ya nyingine” mwambie abadilishe leza tu na bodi ya zamani ibaki. Asipoelewa, chukua mashine yako uende kwa mwingine.

Hatua ya 4: sidii

Inamisha sidii kwa mwanga. Mikwaruzo myembamba isikutishe, Blu-ray ina koti gumu. Lakini mkwaruzo unaoshika ukucha acha, data iko karibu sana na uso, kama 0.1 mm, na ile mashine ya kusugua DVD huku itaimaliza. FIFA za miaka ya nyuma ni za bure karibu, nunua moja ya kutestia basi. Chunga pia gemu za mtandaoni pekee, kama MAG, seva zake zilizimwa 2014, hiyo sidii ni ya kuangalia tu.